Kapsuli ya Mtoto: Ipi Ifunguliwe, Ipi Iachwe Kama Ilivyo

Kapsuli mbili zinaweza kulingana kwa ukubwa, kwa rangi, hata kwa bei. Moja ukiifungua na kummwagia mtoto kwenye mtindi, umefanya sawasawa na maelekezo. Nyingine ukiifungua, umetimua hewani vumbi la dawa inayozuia seli kugawanyika, na wewe mwenyewe, pengine mjamzito, umelivuta. Kwa macho hutazitofautisha. Kinachozitofautisha ni kazi ya lile ganda la nje, na swali hilo ndilo la kumuuliza mfamasia kabla hujaondoka dirishani: ganda hili ni kifungashio tu, au lina kazi?

Nitaanza na omeprazoli, kwa sababu ndiyo kapsuli ambayo wazazi wengi huifungua, na wengi huifungua vizuri kisha wakaiharibu kwenye chakula.

Ukiifungua kapsuli ya omeprazoli, mara nyingi hukuti unga. Unakuta punje nyeupe za mviringo, ndogo, zinazokaribia ukubwa wa mbegu za mchicha. Kila punje ina utando wake. Dawa iliyomo ndani huharibiwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo utando huo umetengenezwa usiyeyuke penye asidi, bali uyeyuke chakula kikishapita tumboni na kuingia kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua. Huko ndiko dawa inakotoka, inaingia kwenye damu, na damu inairudisha kwenye kuta za tumbo kuzima mitambo inayotengeneza asidi. Safari ni ndefu kidogo, na inategemea utando kufika mzima.

Hapo utaona kwamba ganda la nje, lile la rangi mbili, halifanyi kazi kubwa. Ni chombo cha kubebea punje. Kulifungua hakuna ubaya. Ubaya ni kuponda punje, au kuziweka kwenye chakula kitakachoyeyusha utando kabla ya wakati.

Tuseme una binti wa miaka saba, kilo 22, asidi inampanda kooni, na daktari amemwandikia omeprazoli ya miligramu 20 mara moja kwa siku. Kapsuli zinazopatikana kwenye maduka yetu ya dawa nyingi ni za miligramu 20, kwa hiyo anahitaji kapsuli nzima, na hilo linarahisisha mambo. Asubuhi, kama nusu saa kabla ya kifungua kinywa, nawa mikono na uikaushe vizuri, maana ganda hulainika na kunata likikutana na unyevu. Weka kijiko kimoja cha mezani cha mtindi kwenye kibakuli kidogo. Kijiko kimoja tu, kisichozidi kile anachoweza kukimaliza kwa mikupuo miwili mitatu. Shika kapsuli wima, igonge taratibu kwa ukucha ili punje zishuke upande wa chini, kisha zungusha nusu ya juu huku ukiivuta. Ikifunguka, mimina punje juu ya mtindi. Angalia ndani ya nusu zote mbili: punje hupenda kung'ang'ania kwenye ganda, na ukitupa ganda lenye punje kumi umetupa sehemu ya dozi.

Sasa mpe ale palepale. Asitafune. Ameze mtindi kama ulivyo, kisha anywe maji ya kawaida yasiyo ya moto, usukutue kibakuli kwa maji kidogo na mabaki hayo ayanywe. Usitayarishe usiku ili asubuhi iwe rahisi, wala usimfungie dozi kwenye kikopo aende nayo shuleni. Mchanganyiko ukikaa, utando unaanza kulainika. Nusu saa ndiyo mwisho.

Kwa nini mtindi? Kwa sababu mtindi ni mchachu, na uchachu ndio unaoulinda utando. Maziwa mabichi au ya kuchemsha hayana uchachu huo. Ukimwaga punje kwenye kikombe cha maziwa, utando unaanza kuyeyuka humohumo kikombeni, dawa inavuja, na ikifika tumboni inakutana na asidi ikiwa haina kinga. Mtoto atakuwa amekunywa dawa yote na asipate dawa. Wazazi wengi hapa hushangaa, kwa kuwa maziwa na mtindi vimetoka kwa ng'ombe mmoja.

Kwa hoja hiyohiyo, chakula kuwa laini hakutoshi. Parachichi ni laini kuliko vyote lakini halina uchachu. Papai vilevile. Uji wa moto una tatizo la pili, joto. Kama mtoto hapendi mtindi, tumia tofaa lililochemshwa, likapondwa na kupoa kabisa, au umpe punje kwenye juisi ya chungwa au ya nanasi kidogo ndani ya kikombe, ukiikoroga kwanza kwa sababu punje huzama. Mimi bado napendelea mtindi: ni mzito, unazishika punje zisitawanyike mdomoni, na mtoto ana sababu ndogo ya kutafuna.

Kutafuna ndiko kunakoharibu dozi nyingi zaidi, na si kosa la mtoto. Akihisi punje kwenye meno, meno yanafanya kazi yake. Kabla ya siku ya kwanza ya dawa, mfundishe kumeza kijiko cha mtindi mtupu bila kukitafuna. Ukisikia mkwaruzo, au mtoto akalalamika kwamba dawa ni chungu, punje zimevunjika. Usimwongezee kapsuli nyingine kufidia. Kesho punguza mtindi, weka kijiko ndani zaidi kwenye ulimi, umpe maji mara tu anapomeza. Ikiwa wiki mbili zimepita na kiungulia kiko palepale, mweleze daktari jinsi unavyompa dawa kabla hajafikiria kuongeza dozi, kwa sababu huenda tatizo halipo kwenye dozi.

Na kama daktari ameandika miligramu 10 na ulicho nacho ni kapsuli ya 20? Hapo usigawe punje kwa macho. Tafuta kapsuli ya miligramu 10, au mwombe daktari na mfamasia wakupe aina nyingine ya dawa. Kukadiria nusu ya punje juu ya sahani, huku nyingine zimebingirika hadi chini ya meza, si kipimo.

Neno moja kuhusu wale watoto wachanga ambao hawajaanza kula. Punje hazimfai mtoto asiyeweza kumeza chakula cha kijiko, zinaweza kumpalia. Kwa mtoto huyo daktari na mfamasia watafute dawa ya maji au njia nyingine.

Kuna dawa iliyotengenezwa kwa makusudi ili ifunguliwe, na watoto wengi wanaoishi na VVU katika Kenya, Uganda na Tanzania wameipitia: kapsuli za lopinavir na ritonavir, miligramu 40 kwa 10, zilizoidhinishwa mwaka 2015. Kabla yake kulikuwa na dawa ya maji iliyokuwa na pombe zaidi ya asilimia 40, chungu mno, na iliyohitaji ubaridi wakati wa kusafirishwa na kutunzwa. Kapsuli zikaondoa adha hizo. Ganda lake ni pakiti tu. Anayefungua humwaga punje juu ya uji uliopoa na mtoto anakula. Mtoto wa kilo 10 hadi 13.9 alipewa kapsuli nne asubuhi na nne jioni, kwa hiyo mlezi alizoea kufungua. Hapa uchachu wa chakula si hoja kama kwa omeprazoli. Sharti ni kutoziponda na kutozikoroga sana, maana uchungu umefungiwa ndani, na ukiuachilia mtoto atakitema kijiko chote na kukumbuka kesho yake. Siku hizi watoto wengi wamehamishiwa kwenye dolutegravir ya miligramu 10, kidonge kinachoyeyuka majini, lakini aliyebaki kwenye punje afuate utaratibu wake ule ule.

Turudi kwenye ile kapsuli ya pili niliyoitaja mwanzoni.

Haidroksiurea hutolewa kwa watoto wenye selimundu. Huongeza ile himoglobini ambayo mtoto huzaliwa nayo, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu, na kwa hiyo hupunguza maumivu, kulazwa na kuongezewa damu. Ni dawa nzuri na watoto wengi wa ukanda wetu wanaihitaji. Lakini jinsi inavyofanya kazi, inazuia seli kutengeneza vinasaba vipya ili zigawanyike, na haichagui seli za nani. Ndiyo maana mtoto hupimwa damu mara kwa mara kuona kama chembe nyeupe na chembe sahani zimeshuka kupita kiasi. Mtoto anaitumia kwa hesabu na kwa uangalizi. Mama anayefungua kapsuli kila siku jikoni hana hesabu wala uangalizi.

Ndani ya kapsuli hii hamna punje zilizovikwa utando. Kuna unga, mwepesi, wa kuruka. Vuta nusu mbili za ganda na utaona wingu dogo likipanda kabla hata hujamwaga. Unga unabaki kwenye vidole, kwenye meza, kwenye mpini wa kijiko ambacho mdogo wake atakilamba. Kwa mjamzito, mfiduo wa dawa hii unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kanuni haina mlango wa nyuma: haidroksiurea ya kapsuli haifunguliwi nyumbani, haipondwi, haitafunwi.

Bibi mmoja alinieleza dirishani utaratibu wake bila wasiwasi wowote. "Mwanangu, mimi namfungulia mjukuu wangu kwenye uji, akimaliza bakuli namwachia mdogo wake akombe." Nilimjibu, "Shikamoo bibi, hiyo ya kukomba ndiyo inayonitisha." Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ameiona kapsuli nyingine ikifunguliwa hospitalini na akadhani zote ni sawa, na hakuna aliyemwambia vingine siku alipokabidhiwa chupa.

Hata ikiwa nzima, kapsuli ya haidroksiurea ishikwe kwa adabu. Anayempa mtoto avae glavu za kutupa. Kama glavu hazipo, mimina kapsuli kutoka kwenye chupa hadi kwenye kifuniko chake, na kutoka kwenye kifuniko moja kwa moja hadi kinywani mwa mtoto, bila kuigusa. Anawe mikono kabla na baada. Kapsuli ikipasuka, usifagie: ufagio unarusha unga. Lowesha karatasi laini, futa, tia karatasi hiyo kwenye mfuko wa plastiki, ufunge na utupe mbali na watoto, kisha osha pale mahali kwa sabuni na maji. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo yote.

Sasa mtoto hawezi kumeza na kapsuli haifunguliwi. Mzazi afanye nini? Aseme. Kuna vidonge vya miligramu 100 vinavyoweza kuyeyushwa kwenye maji, ingawa havipatikani kila mahali, na baadhi ya hospitali hutengeneza dawa ya maji kwenye chumba cha famasia chenye vifaa vya kujikinga. Wakati mwingine tatizo ni kwamba kapsuli ya miligramu 500 ni kubwa kwa uzito wa mtoto, na mzazi anadhani dawa yake ni kuigawa. Daktari ana njia nyingine. Mtoto wa kilo 15 aliyepangiwa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji miligramu 300 kwa siku, yaani 2,100 kwa wiki. Kapsuli nne nzima kwa wiki ni 2,000. Daktari anaweza kupanga siku za kumeza na siku za kupumzika ili wastani ukae karibu na lengo, bila ganda hata moja kufunguliwa. Hesabu hiyo ni ya daktari, usiipange mwenyewe, lakini ni vizuri ujue kwamba ipo ili usikimbilie wembe.

Haidroksiurea ina wenzake. Dawa za saratani za kapsuli zote ziingize kwenye kundi hilo bila mjadala, pamoja na dawa wanazopewa waliopandikizwa figo au ini ili mwili usikikatae kiungo. Wapo pia ambao ganda lao limewekwa kulinda kipimo. Mfano ni dabigatrani, dawa ya kuzuia damu kuganda: punje zake zikitolewa kwenye ganda, kiasi kinachoingia kwenye damu hupanda kwa takriban asilimia 75, na kwa dawa ya aina hiyo maana yake ni kutokwa na damu. Nyumbani mwako ikiwepo itakuwa ya babu zaidi kuliko ya mtoto. Naitaja ili uone kwamba punje peke yake si ruhusa. Omeprazoli ina punje na inafunguliwa. Hii ina punje na haifunguliwi.

Zile kapsuli laini zenye mafuta ndani, zisizo na kiungio cha katikati, hazikuumbwa zifunguliwe mezani. Ukitoboa, sehemu inabaki kwenye ganda na nyingine kwenye vidole, na huwezi kujua mtoto amepata ngapi. Vitamini A ya kampeni za afya ya mtoto ndiyo inayokatwa kwa mkasi mbele ya macho yetu, ile ya buluu kwa wenye miezi 6 hadi 11 na ile nyekundu kwa wenye mwaka mmoja hadi kabla ya mitano. Hiyo imetengenezwa na chuchu ya kukatia, na mhudumu huikamua yote mdomoni. Usiichukulie kuwa kibali cha kutoboa nyingine.

Amoksilini iko katikati, na ndiyo inayotumika ovyo kuliko zote. Unga wake hauna utando wa kulinda wala sumu ya kumdhuru anayeufungua, isipokuwa mwenye mzio wa penisilini, ambaye asiuguse. Tatizo ni lile la kuchukua kapsuli ya mtu mzima, kumwaga unga kwenye karatasi, kuugawa kwa kisu katika mafungu mawili au manne na kumpa mtoto fungu moja. Mafungu hayo hayalingani. Kwa mtoto mwenye nimonia Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge cha amoksilini cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye maji, na kidonge hicho kinagawanyika kwa hesabu kwa kuwa kimewekewa alama ya kukatia. Ukikuta duka halina, kuna dawa ya maji ya kuchanganya. Kapsuli iwe ya mwisho kufikiriwa, na hapo iwe nzima kwa dozi nzima.

Ukisimama dirishani basi, mwambie mfamasia wazi kwamba mtoto hawezi kumeza kapsuli, usingoje akuulize. Muulize kama hii inafunguliwa, na kama ndiyo, ndani kuna nini na chakula gani kinafaa. Mwombe aandike jibu kwenye pakiti, maana anayempa mtoto dawa jioni huenda ni dada wa kazi au shangazi ambaye hakuwepo. Na ukirudi mwezi ujao ukapewa omeprazoli ya kiwanda kingine, uliza upya. Jina la dawa likiwa lile lile, kilichomo ndani kinaweza kuwa tofauti: huyu ameweka punje, yule ameweka unga uliochanganywa na magadi ya kupunguza asidi, na huo haumwagwi kwenye mtindi.

Kwa mtoto aliyekwisha fika miaka mitano au sita na atakayetumia dawa kwa miaka, kama huyu wa selimundu, kumfundisha kumeza kunamaliza sehemu kubwa ya shida. Usianze na dawa, wala siku ambayo anaumwa. Anza na kipande cha mkate laini kilichoviringishwa kidogo kama punje ya mchele, akimeze kwa maji, akae wima. Akiweza mara kadhaa, ongeza ukubwa hadi kifikie wa kapsuli. Watu wengi humwambia mtoto ainue uso juu, na kwa kapsuli hilo ni kinyume. Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Akiinua uso, maji yanakwenda nyuma na kapsuli inabaki mbele karibu na meno. Mwambie aiweke ulimini, apige funda la maji, kisha ainamishe kidevu kifuani na kumeza. Kapsuli inaelea kuelekea kooni na kushuka na maji. Halafu anywe nusu glasi nyingine ili isinate njiani, na asilale kitandani mara moja.